Paketi ya Krispi: Tununue Gramu, Tusinunue Upepo

Poleni na pilikapilika, hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa ambao daftari la harusi limeshajaa kabla hata ya kufika ukurasa wa chakula.

Leo tunazungumzia kitu kidogo kinachokula pesa kimyakimya: krispi. Siku hizi hakuna mfuko wa zawadi wa mgeni usiokuwa na paketi ya krispi. Iwe maulidi, kichenpati, walima au akika, mgeni anapoondoka hupewa kimfuko chenye kipande cha halua, juisi, maji na krispi yake. Watoto ndio kabisa, krispi ndiyo wanayoianza. Na kila harusi huwa na yule shangazi anayefungua paketi, akachungulia ndani, akasema, "Hee! Mbona upepo mtupu?"

Shangazi hakosei. Kilichomo ndani ya paketi ya krispi, ukikipima kwa nafasi, ni hewa zaidi kuliko kiazi. Lakini si hewa yote iliyowekwa kutupunja, na wala paketi iliyofutuka sana si lazima ndiyo yenye krispi nyingi. Tukijua hewa ile inafanya kazi gani, na tukijua kusoma uzito, tutanunua kwa macho yaliyofunguka.

Hewa ile ni ya nini?

Tuanze na kiazi chenyewe. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji. Kinakatwa vipande vyembamba mfano wa karatasi nene, unene wa milimita moja na kidogo, kisha kinatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Maji yanatoka karibu yote kwa mvuke, ndiyo yale mapovu tunayoyaona kwenye karai, na mafuta kidogo yanaingia mahali pake. Ndiyo maana inahitajika takriban kilo 4 za viazi kupata kilo moja ya krispi. Kinachobaki ni kitu chepesi, kikavu, kilichojikunja, chenye mafuta karibu theluthi ya uzito wake. Kitu cha namna hiyo kina maadui watatu: unyevu, hewa na kugongwa.

Unyevu sisi watu wa visiwani tunaujua. Acha krispi wazi kwenye sahani jioni ya masika, asubuhi utazikuta zimenepa kama kitambaa. Hewa nayo ina adui aliyejificha, oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia kama 21, na oksijeni ikikaa na mafuta siku nyingi huyachachisha. Utalijua hilo kwa pua: krispi inatoa harufu ya mafuta ya zamani au ya rangi ya ukutani, na ukiila inaacha uchungu kooni.

Kwa hiyo viwanda vinafanya ujanja. Kabla ya paketi kufungwa, inapulizwa naitrojeni ili kuifukuza oksijeni. Tumeshaulizwa na baadhi ya dada zetu kama gesi hiyo ina madhara. Naitrojeni ndiyo asilimia 78 ya hewa hii hii tunayovuta. Haina harufu, haina ladha, haishikamani na chakula, na ukifungua paketi inatoka na kwenda zake. Ile rangi ya fedha inayong'aa kwa ndani nayo ni utando mwembamba wa alumini uliopakwa kwenye plastiki, kazi yake kuzuia mwanga, unyevu na oksijeni isirudi.

Adui wa tatu, kugongwa, ndiye anayefanya paketi ifutuke. Gesi iliyojaa ni mto wa kulalia. Katoni inatoka kiwandani, inapakiwa kwenye lori, inarushwa bandarini, inapanda boti, inashuka, inabebwa kwa mkokoteni mpaka dukani. Paketi iliyofutuka inaupokea mzigo wa juu kwa gesi yake. Paketi iliyonywea inaupokea kwa krispi zenyewe, na ukifungua unakuta unga.

Ipo na sababu ya nne ambayo wengi hatuioni kwa kuwa iko kwenye mashine. Krispi zinadondoka kutoka juu kuingia kwenye bomba la plastiki ambalo mashine inalifunga chini, kisha inalibana juu kwa moto. Zinapodondoka zimetawanyika, zimepanda juu. Kama hakuna nafasi, ile taya ya moto itabana krispi katikati ya mshono na paketi itavuja. Baadaye, kwa mtikisiko wa safari, krispi zinajipanga na kushuka chini. Ndiyo unaona nafasi tupu juu ambayo siku ya kufungwa haikuwa kubwa hivyo.

Hata sheria za chakula za Marekani zinakubali jambo hili. Nafasi tupu inayolinda chakula, inayohitajika na mashine, au inayotokana na chakula kushuka, inaruhusiwa. Inayokatazwa ni nafasi isiyokuwa na kazi yoyote ila kumdanganya mnunuzi. Tatizo ni kwamba sisi dukani tunaiona paketi kwa nje tu. Tutajuaje hii ni mto wa kulalia na hii ni ujanja? Kwa macho hatutajua. Kwa mizani tutajua.

Jaribio la jikoni

Tulifanya jaribio hili jikoni kwetu, na nyinyi mnaweza kulifanya na binti zenu mchana mmoja wa Jumamosi. Tulichukua paketi moja iliyoandikwa gramu 30. Kabla ya kuifungua tukaiweka kwenye mizani ya jikoni. Ikasoma gramu 33.

Kisha tukachukua sufuria, tukaiweka ndani ya besheni kavu, tukaijaza maji mpaka yakafika ukingoni kabisa. Tukaizamisha paketi polepole kwa ncha za uma mbili, bila kutia mkono, mpaka ikafunikwa na maji yote. Maji yaliyomwagika kwenye besheni ndiyo ukubwa wa paketi. Tukayapima kwa jagi lenye alama: mililita 600, zaidi ya chupa ya nusu lita.

Tukaifuta paketi, tukaifungua, tukamimina krispi taratibu kwenye jagi kavu. Zikafika alama ya mililita 400. Maana yake theluthi moja ya paketi ilikuwa ni nafasi tupu ya juu. Hapo ndipo shangazi angesimama na kulalamika. Lakini sisi tukaendelea. Tukazitwanga krispi zile kwenye kinu mpaka zikawa unga, tukaurudisha unga kwenye jagi. Haukufika hata mililita 100.

Hili ndilo jambo lenyewe. Hata sehemu "iliyojaa" krispi ilikuwa imejaa hewa, kwa sababu krispi zimejikunja na hazilaliani kama sarafu. Kila moja inashika nafasi kubwa kuliko mwili wake. Kwa hiyo kati ya mililita 600 tulizonunua, chakula hakikufika hata moja ya sita. Na haya si maajabu ya paketi mbovu. Ile paketi tulipopima krispi zake peke yake zilikuwa gramu 30 kamili, kama ilivyoandikwa. Paketi tupu ilikuwa gramu 3.

Mwaka 2014 wanafunzi wa Korea Kusini walilifanya hili hadharani. Walifungasha pamoja paketi kama 160 za vitafunwa ambazo hazijafunguliwa, wakatengeneza chelezo, wakakipanda na kuvuka nacho mto Han mjini Seoul. Walitaka kuonyesha jinsi paketi zilivyo na upepo mwingi kuliko chakula. Chelezo hakikuzama.

Kwa nini mizani haidanganyiki

Huenda mtu akauliza: kama paketi imejaa gesi, si gesi hiyo nayo itapimwa kwenye mizani? Hapana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Gesi ya ndani ya paketi imezungukwa na hewa ya nje yenye uzito karibu sawa nayo. Ni kama mfuko wa maji uliozamishwa ndani ya bahari: ukiushika humo humo majini hausikii uzito wa maji yaliyomo. Vivyo hivyo mizani yako haiisikii naitrojeni. Inasikia krispi na plastiki tu.

Hilo linatupa njia nyepesi sana. Huna haja ya kufungua paketi ili ujue ina nini. Weka paketi kwenye mizani, ondoa uzito wa plastiki, kinachobaki ni chakula. Kwa paketi ndogo za kiwandani plastiki huwa ni gramu chache tu. Ukishakula paketi moja, ipime ile tupu mara moja, uandike, basi umemaliza kazi kwa aina hiyo.

Kiwandani kwenyewe paketi hazijazwi kwa macho wala kwa kikombe, zinajazwa kwa uzito. Juu ya mashine kuna duara la vikapu vidogo, kila kimoja kina mizani yake na kina krispi chache. Kompyuta inatafuta kwa haraka vikapu vipi vikijumlishwa vitakaribia gramu zinazotakiwa, kisha inavifungua hivyo tu. Kwa kuwa muuzaji anauza kwa uzito, na sisi tununue kwa uzito.

Na uzito huo umeandikwa. Uko nyuma au chini mbele ya paketi, mara nyingi kwa maandishi madogo: namba, halafu herufi g. Huo ni uzito wa chakula peke yake, bila plastiki. Kama kuna namba moja tu ya kuisoma kwenye paketi ya krispi baada ya tarehe ya mwisho wa matumizi, ni hiyo.

Je, paketi iliyoandikwa 30 ikatoka na 28, tumeibiwa? Si lazima. Vipande vya krispi havilingani, na hakuna mashine inayopata gramu 30 kamili kila mara. Katika kanuni za kimataifa za bidhaa zilizofungashwa, paketi za gramu 5 mpaka 50 zinaruhusiwa kupungua kwa asilimia 9, yaani gramu 2.7 kwa paketi ya 30. Lakini kuna sharti: wastani wa paketi zote za mkupuo huo usipungue kile kilichoandikwa. Moja ikiwa 28, nyingine iwe 31 au 32. Kwa hiyo usimshtaki mtu kwa paketi moja. Pima kumi.

Kupima kumi pamoja kuna faida ya pili. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu nzima nzima, hazisomi nusu. Ukipima paketi moja, kosa la gramu moja ni kubwa. Ukizipima kumi kwa pamoja ndani ya bakuli, kosa lile lile la gramu moja linagawanyika kwa kumi. Anza kwa kuweka bakuli tupu, irudishe mizani kwenye sifuri, ndipo uweke paketi. Kama zimeandikwa gramu 30 na plastiki ni gramu 3, utarajie kitu kama 330. Ukipata 325 au 335 usiwe na wasiwasi. Ukipata 280, hapo ongea na muuzaji kabla ya kulipa katoni sita.

Tumfuate bi harusi mmoja mpaka dukani

Sasa tuyatie haya kwenye daftari. Tuchukue bi harusi mwenye wageni 300, na kila mgeni atapata paketi moja. Bei tunazozitaja ni za mfano, weka za dukani kwako, hesabu ni ile ile. Ameletewa bidhaa tatu.

Ya kwanza ni paketi ya kiwandani ya gramu 30. Katoni ina paketi 50, bei shilingi 30,000. Kila paketi inasimama kwa 600.

Ya pili nayo ni ya kiwandani, paketi kubwa kuliko ya kwanza, imefutuka vizuri, ina rangi ya dhahabu inayopendeza ndani ya mfuko wa zawadi. Katoni ya paketi 50 ni shilingi 25,000, yaani 500 kwa paketi. Uzito ulioandikwa: gramu 22.

Ya tatu ni krispi za muhogo za dada mmoja wa mtaani, anazikaanga mwenyewe na kuzifunga kwenye nailoni nyeupe inayoonyesha. Kila paketi 700. Haina uzito ulioandikwa. Bi harusi ameomba paketi kumi kwanza, akazipima pamoja, zikawa gramu 410. Nailoni tupu kumi ni gramu 10. Kwa hiyo zilizobaki ni 400, wastani wa gramu 40 kwa paketi.

Kwa macho, ya pili inashinda: kubwa, nzuri, rahisi. Ya tatu inaonekana ndogo na ghali. Lakini macho tumeshakubaliana hayapimi. Tutafute bei ya gramu 100 kwa kila moja. Hesabu ni hii: chukua bei ya paketi, igawe kwa gramu zake, halafu zidisha kwa 100.

Ya kwanza: 600 gawa kwa 30 ni 20, mara 100 ni shilingi 2,000.
Ya pili: 500 gawa kwa 22 ni kama 22.7, mara 100 ni karibu shilingi 2,270.
Ya tatu: 700 gawa kwa 40 ni 17.5, mara 100 ni shilingi 1,750.

Mambo yamegeuka. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali kuliko zote, na ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Simu yako ina kikokotoo. Hesabu hii inachukua muda mfupi kuliko kubishana bei.

Lakini ngoja, tusikimbilie ya tatu bado. Bi harusi hanunui gramu 100, ananunua paketi 300. Ya kwanza itamgharimu shilingi 180,000 na atapeleka kilo 9 za krispi kwa wageni wake. Ya pili itamgharimu 150,000 na atapeleka kilo 6.6. Ameokoa shilingi 30,000, lakini kimepungua chakula cha kilo 2.4, ambacho kwa bei ya krispi za kwanza kina thamani ya 48,000. Ya tatu itamgharimu 210,000 na atapeleka kilo 12.

Hapo jibu linategemea anataka nini. Kama mfuko una vitu vingi na krispi ni ya kunogesha tu, anaweza kuamua gramu 22 zinatosha, akaokoa ile 30,000 akijua anachokifanya. Hilo si kosa. Kama wageni wengi ni watoto na hakuna kitafunwa kingine, gramu 22 ni kiganja kimoja na kidogo. Watarudi kuomba tena. Na kama anampenda dada wa muhogo lakini bajeti ni 180,000, amwombe afunge paketi za gramu 30 badala ya 40. Kwa bei yake ya 17.5 kwa gramu, paketi itakuwa shilingi 525, aongezewe kidogo kwa kuwa kazi ya kufunga ni ile ile, na bado wote wawili watafurahi. Mazungumzo hayo yanawezekana tu ukishajua gramu.

Mizani haisemi kila kitu

Uzito unakwambia kiasi, haukwambii ubora. Paketi iliyotoboka ina gramu zile zile, lakini krispi zake zimenepa. Kwa hiyo za kiwandani zibonyeze kidogo kwa viganja viwili. Ikirudisha mkono ni nzima. Ikilegea na kunywea, gesi imeshatoka na hewa yetu yenye unyevu imeingia. Iweke kando hata kama uzito umetimia. Ukizipima zilizonywea siku nyingi zinaweza hata kusoma zaidi kidogo, kwa sababu zimekunywa unyevu. Huo si uzito wa kuufurahia.

Na kufutuka kwenyewe hubadilika. Paketi ikikaa juani au ukienda nayo sehemu ya mwinuko kama Lushoto au Nairobi, inavimba karibu kupasuka. Hakuna krispi iliyoongezeka, gesi ndiyo imetanuka. Ikirudi pwani inanywea kidogo. Ndiyo sababu nyingine ya kutohukumu kwa ukubwa.

Za nyumbani zina masharti yake. Nailoni inayoonyesha haizuii mwanga, na ndani imefungwa hewa ya kawaida yenye oksijeni yake. Hazikai kama za kiwandani. Usiziagize miezi miwili kabla ya harusi ukaziweka chini ya kitanda. Zifungwe wiki ile ile ya shughuli, zikiwa zimepoa kabisa, maana zikifungwa za moto mvuke unabaki ndani na kuzinepesha. Na kwa kuwa zimebanwa bila mto wa hewa, zisirundikwe. Kama harusi iko Pemba na krispi zinatoka Unguja, ziwekwe kwenye maboksi magumu, zipande juu ya mizigo, la sivyo wageni watapewa unga wa muhogo.

Jihadharini pia na paketi ile ile, rangi ile ile, bei ile ile, lakini gramu zimeshuka. Mwaka jana 30, mwaka huu 25. Mwenye kiwanda ameandika, hajasema uongo, ila sisi hatusomi. Ukinunua katoni kwa ajili ya shughuli, usitegemee kumbukumbu ya shughuli ya dada yako. Geuza paketi, soma upya.

Na sisi tunaouza je?

Wengi wa wasomaji wetu si wanunuzi tu. Mnakaanga krispi za ndizi, muhogo na viazi, mnauza kwa oda. Kwenu tunasema neno moja: nunueni mizani kabla ya kununua nailoni za maua. Kikombe hakifai kupimia krispi, kwa sababu siku zimejikunja sana kikombe kinajaa mapema, siku ni bapa kinabeba nyingi. Mteja wa kwanza anapata gramu 40, wa pili 31, kwa bei moja, na wewe mwenyewe hujui nani umemzidishia na nani umempunja. Sote tunaijua Suratul Mutaffifin na wanaozungumzwa humo. Hatutaki kuwa miongoni mwao hata kwa kutojua.

Pima kila paketi, andika gramu kwa kalamu kwenye kikaratasi, karibu na jina lako na tarehe uliyokaanga. Mteja akiona "40 g" ataelewa kwa nini yako ni 700 na ile kubwa ya dukani ni 500, na hutalazimika kujitetea kwa maneno mengi.

Basi bi harusi wetu, unapokwenda kuangalia bidhaa, weka mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba pamoja na sampuli za vitambaa. Muuzaji mwema hatachukia. Omba paketi kumi, pima, toa plastiki, gawa bei kwa gramu, kisha ndipo uulize punguzo. Tuandikieni mlichokipata dukani kwenu, gramu na bei, tulinganishe pamoja.

Mungu azijaalie shughuli zenu ziwe za baraka na ndoa zenu ziwe za kheri. Wassalaam alaykum.